Jinsi ya kumwomba msambazaji aigawe ankara moja kwa matawi au vituo vya gharama

Ankara imefika. Ina mstari mmoja tu, "Huduma ya mashine za fotokopi kwa mwezi," na jumla yake ni 625,400 pamoja na kodi. Mashine zenyewe ziko sehemu tatu: mbili makao makuu, moja tawi la Kaskazini, moja tawi la Kusini. Kila sehemu ina bajeti yake, na ina meneja ambaye mwisho wa mwezi atataka kujua kwa nini amekatwa kiasi kile. Mhasibu akiingiza ankara jinsi ilivyo, gharama yote inawaangukia makao makuu. Akiigawa kwa kukisia, meneja wa Kusini atakuja juu, na atakuwa na haki.

Basi mhasibu anamwandikia msambazaji: "Tafadhali tugawieni ankara hii kwa matawi." Kisha wanaanza kuandikiana wiki nzima. Msambazaji hajui kama anatakiwa kutoa ankara tatu au moja yenye mistari mitatu. Hajui namba zenu za vituo vya gharama. Hajui gharama ya fundi aliyezunguka sehemu zote aibebeshe nani. Na pengine ankara ile ameshaituma kwenye mfumo wa kodi, kwa hiyo hata akitaka kuigusa hawezi.

Tufuate mfano huohuo wa fotokopi tangu kabla ya kuandika ombi hadi ankara inapoingia vitabuni. Namba za mfano hazina sarafu, na kodi ya ongezeko la thamani nimeichukulia kuwa asilimia 18. Kiwango chenu kikiwa kingine, hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Amua unataka mgawanyo wa aina gani

Kuna namna tatu, na kila moja ina gharama yake kwa upande wa msambazaji na kwa upande wako.

Namna ya kwanza ni ankara moja yenye mistari iliyotenganishwa kwa kila kituo. Namba ya ankara ni moja, jumla ni moja, kodi ni moja, lakini ndani yake kila mstari unaonyesha ni wa tawi gani. Ya pili ni ankara kadhaa, kila tawi na yake, kila moja na namba yake. Ya tatu ni kuiacha ankara kama ilivyo, msambazaji akaambatisha mchanganuo, yaani karatasi inayoonyesha kiasi cha kila tawi, na ninyi mkagawa wenyewe wakati wa kuingiza.

Ushauri wangu ni kuanza na namna ya kwanza kila inapowezekana. Mlipaji ni mmoja, deni ni moja, malipo ni mamoja. Kinachotakiwa kugawanyika ni gharama peke yake. Ankara tatu maana yake ni nyaraka tatu za kuidhinisha, tatu za kulinganisha na oda, tatu za kufuatilia tarehe ya kulipa, kila mwezi. Kama vituo ni kumi na viwili, utakuwa umejitengenezea kazi ambayo hakuna aliyeiomba.

Hata hivyo, lipo swali moja linaloweza kubadili uamuzi wote: je, hayo matawi ni kampuni moja kisheria? Kama Kaskazini na Kusini ni matawi ya kampuni moja, yenye namba moja ya mlipakodi, mistari inatosha. Kama Kusini ni kampuni tanzu iliyosajiliwa yenyewe na ina namba yake ya mlipakodi, mistari haisaidii kitu. Ankara ya kodi inamtambua mnunuzi mmoja, yule aliyeandikwa juu yake. Sehemu ya Kusini lazima itoke kwenye ankara yake, kwa jina lake na namba yake, na iwe na oda yake na anwani yake. Bila hivyo Kusini haina hati ya kudaia kodi ya manunuzi, na makao makuu nayo ikidai kodi yote itakuwa imedai kwa huduma iliyotumiwa na mtu mwingine. Uliza idara ya fedha kabla ya kumsumbua msambazaji, maana neno "tawi" hutumika ofisini kwa vitu vyote viwili na wala si rahisi kutofautisha kwa kuangalia bango la mlangoni.

Kuna pia jambo la wakaguzi. Ankara moja kubwa inapogeuka kuwa ndogo kadhaa, mkaguzi wa hesabu atakumbuka mara moja mbinu ya zamani ya kukwepa ukomo wa idhini: manunuzi ya laki sita yanahitaji sahihi ya mkurugenzi, yakikatwa vipande vitatu yanapitishwa na meneja. Hata kama nia yako ni safi, ukichagua ankara tofauti, idhini itolewe kwa jumla nzima kabla ya kugawa, na sababu ya kugawa ibaki kwenye faili. Ankara moja yenye mistari haiibui swali hilo.

Kwenye mfano wetu matawi yote ni kampuni moja. Tunataka ankara moja, mistari kwa kila kituo.

Hatua ya 2: Tafuta msingi wa kugawa kabla hujaandika neno

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukimwachia msambazaji achague msingi, atagawa kwa njia rahisi kwake, mara nyingi sawa kwa sawa, na wewe utairudisha.

Chukua ankara yako uitenganishe na kuona imejengwa na nini. Ya mwezi huu ina vitu vitatu. Kuna ada ya kukodi mashine nne, kila moja 60,000, jumla 240,000. Kuna kurasa zilizochapwa, 12,000 kwa bei ya 20 kila ukurasa, jumla 240,000. Na kuna ziara ya fundi aliyekuja kufanya matengenezo ya kawaida kwenye sehemu zote tatu kwa safari moja, 50,000. Hapo tumefika 530,000 kabla ya kodi. Kodi ya asilimia 18 ni 95,400, na jumla ndiyo ile 625,400.

Vitu viwili vya kwanza vinajigawa vyenyewe, kwa sababu kuna ushahidi. Mashine ina namba yake iliyobandikwa mgongoni, na mkataba unaonyesha mashine ipi iko wapi. Kurasa zinasomwa kwenye mita ya kila mashine, na msambazaji anazo namba hizo. Hakuweza kupata 12,000 bila kuzijumlisha. Makao makuu walichapa 6,200 kwa mashine zao mbili, Kaskazini 3,400, Kusini 2,400. Kwenye ununuzi wa bidhaa, ushahidi wa namna hii ni hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na kila tawi. Kwenye huduma ya ulinzi ni idadi ya walinzi na zamu zao. Kwenye intaneti ni laini ya kila ofisi. Kanuni ni kwamba msingi mzuri ni ule ambao msambazaji anao tayari kwenye kumbukumbu zake, kwa sababu huo anaweza kuurudia kila mwezi bila kukuuliza.

Ziara ya fundi ndiyo yenye utata. Hakuna mita ya fundi. Mnaweza kuigawa sawa kwa sehemu tatu, au kwa idadi ya mashine, au kwa kurasa. Kwa mashine, makao makuu wangebeba nusu, 25,000. Kwa sehemu, kila mmoja theluthi. Hakuna jibu moja sahihi. Kuna jibu ambalo mameneja wamekubaliana na ambalo halibadiliki mwezi hadi mwezi. Lipateni ndani ya nyumba kwanza, kwa maandishi, na mumpe msambazaji amri iliyokamilika. Si haki kumfanya yeye mwamuzi wa bajeti zenu, na akikosea lawama zitamrudia asiyehusika.

Tuseme mmekubaliana kugawa ziara kwa sehemu tatu sawa. 50,000 kwa 3 ni 16,666.67. Ukiizungusha kila moja kuwa 16,667 jumla inakuwa 50,001, na ankara imezidi kwa moja. Inaonekana ni upuuzi, lakini mfumo unaolinganisha ankara na oda haujui upuuzi: unaona tofauti na unazuia malipo. Dawa yake ni kuteua kituo kimoja kinachobeba mabaki ya hesabu, nacho hakipigiwi mahesabu ya kugawa, bali kinapewa kilichobaki baada ya vingine kupata chao. Kwenye jedwali la Excel, ikiwa Kaskazini iko `B3` na Kusini `B4`, makao makuu wanaandikwa hivi:

```
B3: =ROUND(50000/3,0)
B4: =ROUND(50000/3,0)
B2: =50000-SUM(B3:B4)
```

Kaskazini 16,667, Kusini 16,667, makao makuu 16,666. Jumla haiwezi kukosea kwa sababu haikuachwa nafasi ya kukosea.

Sasa mgawanyo umekamilika, kwa namba zetu za vituo 100, 210 na 220:

| Kituo | Mashine | Kurasa | Ziara | Kabla ya kodi |
|---|---|---|---|---|
| 100 Makao makuu | 120,000 | 124,000 | 16,666 | 260,666 |
| 210 Kaskazini | 60,000 | 68,000 | 16,667 | 144,667 |
| 220 Kusini | 60,000 | 48,000 | 16,667 | 124,667 |
| Jumla | 240,000 | 240,000 | 50,000 | 530,000 |

Kodi isigawanywe kwa kukisia. Ihesabiwe juu ya kila jumla ndogo. Hapa inatoka 46,920 kwa makao makuu, 26,040 kwa Kaskazini na 22,440 kwa Kusini baada ya kuzungusha senti, na zikijumlishwa zinarudi kwenye 95,400. Mwezi huu zimekubali. Mwezi mwingine zinaweza kukataa kwa moja au mbili, kwa sababu kodi iliyozungushwa vipande vipande si lazima ilingane na kodi iliyokokotolewa mara moja juu ya jumla. Kwenye ankara moja msambazaji akokotoe kodi mara moja chini ya ankara, nawe ugawe kwa utaratibu uleule wa mabaki. Kwenye ankara tofauti hana budi kukokotoa kila moja, na tofauti hiyo ndogo inabidi ikubaliwe.

Hatua ya 3: Jua ankara imefikia wapi

Ombi lilelile ni dogo au kubwa kutegemea hali ya ankara siku unayoliomba.

Ikiwa bado ni rasimu au proforma, hakuna shida yoyote. Anairekebisha na kuitoa mara moja. Ndiyo sababu inafaa kuomba rasimu kabla ya siku ya kutoa ankara, angalau mwezi wa kwanza wa utaratibu mpya.

Ikiwa ankara ya kodi imeshatolewa, msimwombe aibadilishe na kuituma tena kwa namba ileile. Ankara ya kodi iliyokwishatolewa ina nakala kwake, nakala kwenu, na sehemu nyingi imesharipotiwa kwa mamlaka ya mapato kwa njia ya kielektroniki. Mkipokea hati mbili zenye namba moja na sura mbili, mmoja wenu ataingiza ya kwanza na mwingine ya pili. Njia sahihi ni krediti noti inayofuta ankara ya kwanza yote, kisha ankara mpya yenye namba mpya. Krediti noti itaje namba ya ankara inayoifuta.

Njia hiyo inaacha nyayo tatu kwenye taarifa ya akaunti ya msambazaji: ankara ya kwanza 625,400, krediti noti ya kutoa 625,400, ankara mpya 625,400. Vitabu vyenu navyo viwe na nyayo zilezile tatu. Wapo wanaoichana ya kwanza na kuingiza mpya pekee, kisha mwisho wa robo mwaka wanashangaa kwa nini taarifa ya msambazaji haiwiani na leja. Na tangu siku unapotuma ombi, ankara ya kwanza isimamishwe kwenye orodha ya malipo. Malipo mara mbili kwenye mambo haya hutokea hivi: mtu mmoja anaomba marekebisho, mwenzake wa malipo hajaambiwa, analipa ya kwanza Ijumaa, na ya pili inaingia Jumatatu ikiwa na namba tofauti ambayo mfumo hauwezi kuitambua kuwa ni deni lilelile.

Ikiwa ankara imeshalipwa, au kodi yake imeshadaiwa kwenye ritani ya mwezi uliopita, ningeacha kabisa habari ya kuitoa upya. Omba mchanganuo tu, gawa ndani, na utaratibu mpya uanze mwezi ujao. Krediti noti ya mwezi huu juu ya ankara ya mwezi uliofungwa italazimisha ritani zenu na zake kurekebishwa, na kwa ajili ya nini? Jumla haijabadilika hata senti.

Hatua ya 4: Andika ombi ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi bila kukupigia simu

Liandike kwa anayetoa ankara, si kwa afisa mauzo pekee. Afisa mauzo atasema "hakuna tatizo" kwa moyo mkunjufu na kulipeleka mbele nusu. Mweke kwenye nakala, kwa adabu, kwa sababu mteja ni wake.

Lenye uzito kwa msambazaji ni pesa yake itachelewa au la. Ankara mpya ina tarehe mpya, na siku thelathini za mkopo zikianza kuhesabiwa upya yeye ndiye anayeumia kwa jambo ambalo si kosa lake. Mwambie mapema kwamba tarehe ya mwisho ya kulipa inabaki ileile. Sentensi hiyo moja hufungua milango mingi kuliko kuomba radhi mara tatu.

Mfano wa barua kwa ankara yetu, ambayo imeshatolewa ila haijalipwa:

> Mada: Ombi la kutoa upya ankara namba 4471 ikiwa na mistari kwa kila kituo
>
> Kwa Idara ya Hesabu za Wateja,
>
> Habari za kazi. Tumepokea ankara yenu namba 4471 ya 625,400 kwa huduma ya fotokopi. Kiasi ni sahihi na huduma tumeipokea. Hatuna pingamizi lolote juu ya bei wala idadi.
>
> Tunaomba mtufanyie mambo mawili. Kwanza, mtoe krediti noti ya kufuta ankara 4471 yote. Pili, mtoe ankara mpya moja, kwa jina letu lilelile na namba yetu ileile ya mlipakodi, ikiwa na mistari iliyogawanywa kama jedwali lililoambatishwa linavyoonyesha. Kila mstari uanze na namba ya kituo, kwa mfano "210 Kurasa 3,400".
>
> Jumla kabla ya kodi ibaki 530,000, kodi 95,400, na jumla kuu 625,400. Mkipata namba tofauti, tafadhali tuwasiliane kabla ya kuitoa.
>
> Tarehe ya mwisho ya kulipa tutaiheshimu ileile ya ankara 4471, hata kama ankara mpya itakuwa na tarehe ya baadaye. Ankara 4471 tumeisimamisha kwenye malipo hadi tupate hati zote mbili. Tunafunga vitabu tarehe 30, hivyo tutashukuru tukizipata ifikapo tarehe 26.
>
> Jedwali limeambatishwa, pamoja na orodha ya namba za mashine na kituo cha kila moja.
>
> Wenu katika kazi,

Angalia mambo machache humo. Aya ya kwanza inaondoa hofu ya mgogoro. Mtu anayesoma "krediti noti" kwenye barua ya mteja hufikiri kwanza kwamba amegomewa bei. Namba za jumla zimetajwa ndani ya barua, si kwenye kiambatisho tu, ili ziwe kipimo. Namba ya kituo imeombwa iwe mwanzoni mwa maelezo ya mstari, kwa sababu mifumo mingi ya ankara haina sehemu maalumu ya kituo cha gharama cha mteja, na maelezo marefu hukatwa mwishoni yanapochapwa. "Huduma ya uchapaji kurasa kwa ajili ya tawi letu la Kusini kituo 220" inaweza kufika ikiwa imeishia kwenye "tawi letu la".

Orodha ya mashine na vituo ndiyo kiambatisho chenye thamani zaidi. Jedwali la kiasi ni la mwezi huu. Orodha ile ni ya miezi yote. Iwe na safu tatu tu: namba ya mashine, ilipo, kituo. Mashine ikihamishwa, wajibu wa kumjulisha msambazaji ni wenu.

Hatua ya 5: Ankara mpya ikifika, ikague kwa mpangilio huu

Anza na jumla kuu; iwe ileile, 625,400. Kama imebadilika, usiendelee, kuna mstari umeongezwa au umesahauliwa. Kisha jina na namba ya mlipakodi, ambazo hukosewa hasa pale mtu anapoandika jina la tawi mahali pa jina la kampuni kwa nia njema. Kisha krediti noti: imefuta yote, na imetaja 4471?

Baada ya hapo jumlisha mistari ya kila kituo ulinganishe na jedwali lako. Mtego wa kawaida ni mistari kuwa sahihi kwa jumla lakini kurasa za Kaskazini zikawa zimeandikwa kwa Kusini. Jumla haitakuonyesha hilo. Utaligundua kwa kulinganisha mita ya mwezi huu na ya mwezi uliopita: tawi lililochapa kurasa 2,400 haliwezi kuanza mwezi kwenye namba ndogo kuliko liliyomalizia.

Kama krediti noti inakuja mwezi unaofuata ilhali huduma ni ya mwezi huu, usiache gharama ya mwezi huu ikiwa tupu kwenye matawi. Ingiza ankara ya kwanza sasa hivi kwa mgawanyo wa jedwali lako. Krediti noti na ankara mpya zitaingia mwezi ujao kwa vituo vilevile na viasi vilevile, zitauana zenyewe, na hakuna tawi litakaloona tofauti.

Hatua ya 6: Hamisha mgawanyo uende kwenye oda

Kila mwezi wa kuandika barua kama ile ni mwezi wa kupoteza. Oda ya ununuzi, au LPO kama wengi tunavyoiita, inayofuata itolewe ikiwa na mistari tayari: mstari wa 1 mashine kituo 100, mstari wa 2 kurasa kituo 100, na kuendelea, na ziara ya fundi ikiwa mistari mitatu. Msambazaji ananakili mistari ya oda kwenye ankara, na mfumo wenu unalinganisha mstari kwa mstari. Weka pia sentensi moja kwenye masharti ya oda: ankara isiyofuata mistari ya oda itarudishwa kabla ya kupokelewa. Halafu kweli mwirudishe siku hiyohiyo, maana ikikaa siku kumi mezani kwenu hamna tena uso wa kuirudisha.

Msilazimishe mistari mingi kuliko mnayoitumia. Kama Kusini na Kaskazini wanapima fotokopi kwa jumla moja tu, mashine na kurasa zinaweza kuwa mstari mmoja kwa kila tawi. Kila mstari ni nafasi ya kukosea.

Akikataa

Wapo watakaokataa, na si wote ni wakaidi. Kampuni kubwa ya umeme au simu hutoa ankara kwa mfumo ambao haumsikilizi mteja mmoja. Huko dawa huwa ni kila ofisi kuwa na akaunti au laini yake, na ankara kuletwa kwa kila akaunti. Msambazaji mdogo anaweza kukataa kutoa krediti noti kwa kuwa anaogopa maswali ya mamlaka ya mapato. Mwombe basi kitu kidogo: mchanganuo wenye namba ya ankara, usomaji wa mita na kiasi cha kila tawi, kwenye karatasi yake yenye nembo au kwa barua pepe yake. Huo ni ushahidi wa kutosha kwa meneja na kwa mkaguzi, kwa sababu unatoka kwa aliyetoa huduma.

Kisha gawa wakati wa kuingiza, siku ileile, si kwa ingizo la marekebisho mwisho wa mwezi. Ankara inabaki moja kwa upande wa deni, na gharama inagawanyika kwa upande wa pili:

| Akaunti | Kituo | Debiti | Krediti |
|---|---|---|---|
| Gharama za fotokopi | 100 | 260,666 | |
| Gharama za fotokopi | 210 | 144,667 | |
| Gharama za fotokopi | 220 | 124,667 | |
| Kodi ya manunuzi | | 95,400 | |
| Msambazaji | | | 625,400 |

Hiyo ni kwa kampuni inayodai kodi yake. Kama shughuli zenu hazidai kodi ya manunuzi, ile 95,400 ni gharama kama nyingine, na kila kituo kibebe kodi yake: makao makuu 307,586, Kaskazini 170,707, Kusini 147,107. Mameneja waambiwe mapema ni ipi kati ya hizo mbili wanayokatwa, kwa sababu wao huangalia mkataba uliosema 60,000 na 20, na kodi huwa hawaioni hadi bajeti imeisha.

Ambatisha mchanganuo wa msambazaji nyuma ya ankara kwenye faili, na kwenye maelezo ya ingizo andika msingi uliotumika: "kurasa kwa mita, ziara kwa sehemu tatu sawa, mabaki kituo 100". Atakayekaa kwenye kiti chako mwakani ataweza kuirudia hesabu hiyo bila kukutafuta.